Alama za Vekta Isiyokuwepo

Kisa hiki kilitokea katika usahihishaji wa mtihani wa aljebra ya mstari, mwaka wa pili wa shahada, kwenye chuo kikuu kimoja cha humu nchini. Sitakitaja, maana kosa lenyewe halina makao maalumu. Linaweza kumpata msahihishaji yeyote mwenye rundo la karatasi mezani na mwongozo ulioandikwa kwa haraka, mimi nikiwa mmojawapo. Aliyeumia ni kijana wa Korbesa, kule Merti katika kaunti ya Isiolo. Alipoomba asahihishiwe upya, karatasi yake ililetwa kwetu watu wawili tuipitie, na pamoja nayo tukaomba karatasi nyingine chache za swali lilelile ili tuone wenzake walipimwaje.

Swali lilihusu mbuzi. Mtunzi alichukua kundi la mbuzi majike katika kipindi cha ukame, mambo ambayo mtu wa kaskazini hahitaji kuelezwa baada ya ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo. Aliligawa kundi mafungu mawili: wanambuzi wasiotimiza mwaka, na mbarika, yaani majike waliokwisha kuzaa. Takwimu alijitungia mwenyewe kwa ajili ya mtihani. Kwa kila mbarika mmoja wa mwaka huu, mwaka ujao tutahesabu kwa wastani wanambuzi majike 0.45. Katika wanambuzi, 0.3 ndio watakaofika kuwa mbarika. Katika mbarika, 0.75 watauona mwaka ujao. Ukiyapanga hayo katika matriksi unapata hivi:

```
A = | 0     0.45 |
    | 0.3   0.75 |
```

Namna hii ya kuhesabu viumbe kwa matriksi ilienezwa na Patrick Leslie wa Oxford kwa makala yake ya 1945, akiwagawa wanyama kwa umri. Kuwagawa kwa hatua za maisha, kama mtunzi wetu alivyofanya, kulitoka kwa Lefkovitch mwaka 1965. Mwanafunzi aliulizwa mambo matatu. Kwanza aandike mlinganyo bainifu na kutafuta thamani aigeni zake, kwa alama 4. Pili atafute vekta aigeni ya kila thamani, kwa alama 4. Tatu aseme kundi linaelekea wapi, kwa alama 2.

Kwa msomaji ambaye mambo haya ameyaacha siku nyingi: vekta aigeni ni mpangilio wa kundi ambao, mwaka ukipita, haubadili uwiano wake. Wanambuzi na mbarika wanaongezeka au kupungua kwa kiasi kilekile, na kiasi hicho ndicho thamani aigeni, λ. Kwa ishara tunaandika Av = λv. Ili vekta kama hiyo iwepo, na isiwe sifuri tupu, ni lazima determinanti ya A − λI iwe sifuri. Sharti hilo ndilo linalozaa mlinganyo bainifu.

Jibu sahihi halina mikwara. Determinanti ya A − λI ni (−λ)(0.75 − λ) − (0.45)(0.3), na ukiipanua unapata λ² − 0.75λ − 0.135 = 0. Huo unavunjika kuwa (λ − 0.9)(λ + 0.15) = 0. Thamani kubwa ni 0.9, na vekta yake ni (1, 2): mwanambuzi mmoja kwa mbarika wawili. Jaribu mwenyewe na kundi la wanambuzi 50 na mbarika 100. Mwaka ujao wanambuzi watakuwa 0.45 × 100, yaani 45. Mbarika watakuwa 0.3 × 50 kujumlisha 0.75 × 100, yaani 15 na 75, jumla 90. Hamsini wamekuwa 45 na mia wamekuwa 90. Kila fungu limebaki na sehemu tisa katika kumi. Kundi linapungua kwa asilimia 10 kila mwaka, ni hali mbaya lakini si msiba wa ghafla. Ile −0.15 vekta yake ni (3, −1), na kwa kuwa hakuna mbuzi wa hasi, haiwezi kuwa kundi zizini. Ni mtikisiko wa miaka ya mwanzo tu, nao hufifia upesi.

Sasa kosa. Kijana wa Korbesa aliandika mstari wa kwanza sawasawa, na ile alama ya kutoa ipo katikati, wazi kabisa. Alipohamia mstari wa pili kutoa ikageuka kujumlisha, akaandika λ² − 0.75λ + 0.135 = 0. Ni kosa la kalamu, la aina inayomjia mtu mwenye haraka na joto la ukumbi wa mtihani. Bahati mbaya ikawa kwamba mlinganyo huo mbaya nao unavunjika vizuri: (λ − 0.3)(λ − 0.45) = 0. Ungetoa kipeuo cha pili cha ovyo, chenye desimali zisizoisha, pengine angeshtuka. Namba zikitoka safi, moyo hutulia.

Kuna jambo jingine lililomtuliza, nalo ni la kuangaliwa kwa makini maana walimu tunalifundisha kama kinga. Jumla ya thamani aigeni lazima ilingane na jumla ya namba za ulalo mkuu wa matriksi. Hapa ulalo ni 0 na 0.75, jumla 0.75. Na 0.3 ukijumlisha 0.45 unapata 0.75 kamili. Pembeni mwa karatasi yake kulikuwa na hesabu hiyo ndogo na tiki. Kumbe kipimo hicho hugusa tu namba iliyo mbele ya λ, na kosa lake lilikuwa kwenye namba ya mwisho. Kipimo cha pili kingemnasa: kuzidisha thamani zote kulingane na determinanti ya A. Determinanti ni 0 × 0.75 − 0.135, yaani −0.135. Alichopata yeye ni 0.3 × 0.45, yaani +0.135. Alifanya kipimo kimoja badala ya viwili, na hicho alichokifanya ndicho kisichoweza kuliona kosa lake.

Mwanafunzi mwingine, ambaye karatasi yake tuliiweka kando ya hii, alikosea palepale kwa namna ileile. Walikuja na mlinganyo mmoja na thamani zilezile mbili. Walichotofautiana ni walichofanya baadaye, na hapo ndipo usahihishaji ulipoharibika.

Huyu wa pili alichukua λ = 0.45, akaiweka katika A − λI, akatazama safu ya juu peke yake: −0.45x + 0.45y = 0. Kwa hiyo x = y, vekta ni (1, 1). Safu ya chini hakuigusa. Darasani alishazoea kwamba safu mbili husema jambo moja, basi ya nini kupoteza wakati. Akafanya hivyohivyo kwa 0.3 akapata (3, 2). Sehemu ya tatu akaandika kwamba kundi litapungua hadi asilimia 45 kila mwaka, na litamalizika upesi.

Kijana wa Korbesa yeye alizitazama safu zote mbili. Ya juu ilimwambia x = y. Ya chini ilikuwa 0.3x + 0.3y = 0, ikamwambia x = −y. Yote mawili hayawezi kuwa kweli ila x na y zote ni sifuri. Akaandika x = 0, y = 0, akaikata kwa mstari. Akarudia, akapata vilevile, akakata tena. Kwa λ = 0.3 hali ikawa ileile. Mwisho akaandika maneno machache, nami nayaeleza kwa Kiswahili: vekta aigeni haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo kuna kosa huko juu, muda umeniishia. Sehemu ya tatu aliiacha wazi.

Wa pili alipewa 9 kati ya 10. Wa Korbesa alipewa 3.

Ili tuone jinsi watu wenye akili na nia njema walivyofika hapo, lazima tuutazame mwongozo. Waliosoma Kenya wanazijua alama za M na A tangu mitihani ya Baraza la Mitihani: M ni ya mbinu, A ni ya usahihi wa jibu linalotokana na mbinu hiyo. Mwongozo wa swali hili uliandikwa kwa mtindo huo. Sehemu ya kwanza ilikuwa na M kwa kuunda determinanti, A kwa mlinganyo, M kwa kuutatua, A kwa thamani mbili. Sehemu ya pili ilikuwa na M na A kwa kila vekta. Chini yake mtunzi akaongeza sentensi moja: mwanafunzi aliyekosea mlinganyo asiadhibiwe mara ya pili, bali alama za vekta zifuate thamani alizopata yeye.

Sentensi hiyo ni ya haki, na katika hesabu nyingi inafanya kazi vizuri. Mwanafunzi akikosea nusu kipenyo cha duara, akaandika 6 badala ya 5, bado kuna eneo la duara lenye nusu kipenyo 6, na msahihishaji anaweza kulikokotoa na kulinganisha. Kosa lina mtoto halali. Hata katika swali letu, kufuata kosa kunafaa hatua moja: mlinganyo mbaya wa daraja la pili bado una vipeuo vyake, na mwanafunzi aliyevipata barabara amestahili alama ya kuutatua. Ndiyo maana wote wawili walipata 3 katika sehemu ya kwanza, na sina ugomvi na hizo tatu.

Kwenye vekta, kufuata kosa kunagonga ukuta. Tulipandikiza λ katika A − λI kwa sababu moja tu, kwamba determinanti yake ni sifuri. λ ikiwa si thamani aigeni ya kweli, determinanti si sifuri, na matriksi hiyo haina vekta yoyote inayoipeleka kwenye sifuri isipokuwa sifuri yenyewe. Jibu sahihi linalofuata thamani mbaya ni hili: hakuna vekta. Kijana wa Korbesa alilipata jibu hilo mara nne, akalikata mara nne kwa kuwa alijua si kile kinachotakiwa. Mwenzake alipata vekta ambayo haipo. Ili uandike vekta baada ya mlinganyo mbaya, huna budi ufanye kosa la pili, na mwongozo ulikuwa ukililipa kosa hilo la pili alama nne, kisha mbili zaidi kwa hitimisho lake.

Nadhani hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu dalili zilikuwepo na hazikuwa za kujificha.

Dalili ya kwanza ilikuwa katika mwongozo wenyewe. Mtunzi aliandika kwamba vekta zifuate thamani za mwanafunzi, lakini hakuchukua thamani moja mbaya na kuifuata mwenyewe aone inampeleka wapi. Angejaribu kwa kosa la ishara, ambalo ndilo la kawaida kuliko yote, angekuta safu mbili zinapingana kabla wino haujakauka. Mwongozo huwa tunaujaribu kwa jibu sahihi, tukasahau kwamba kifungu cha kufuata kosa kimeandikwa kwa ajili ya majibu mabaya, na kinapaswa kujaribiwa kwa hayo.

Ya pili ilikuwa kwenye karatasi ya alama 9. Msahihishaji angezidisha A kwa (1, 1) angepata (0.45, 1.05). Kama (1, 1) ingekuwa vekta aigeni ya 0.45, jibu lingekuwa (0.45, 0.45). Tazama jinsi namba ya juu inavyolingana kabisa na ya chini inavyokataa. Hiyo ndiyo alama ya vidole ya mtu aliyetumia safu ya juu peke yake: namba inayotokana na safu aliyoitumia itakubali daima, hata thamani iwe mbaya kiasi gani, na ile aliyoiruka ndiyo itakayomfichua. Kwa hiyo msahihishaji anayehakiki namba ya kwanza tu hajahakiki kitu.

Ya tatu ni maneno ya kijana. Mtu ameandika kwamba kuna kosa na ametoa sababu ya kihesabu ya kujua hivyo. Msahihishaji alipitisha jicho akitafuta jozi ya namba ndani ya mabano, hakuiona, akaandika sifuri. Simlaumu sana. Unapokuwa kwenye karatasi ya mia na kitu na kiongozi wa kundi anauliza umefika wapi, jicho linageuka kuwa la kutafuta umbo la jibu. Ndugu zangu mnaosahihisha, palipokatwakatwa katika hesabu ya vekta ndipo pa kupunguza mwendo. Sifuri zilizokatwa baada ya mlinganyo mbaya mara nyingi ni kazi ya mtu anayejua.

Dalili ya nne ni mbuzi wenyewe, na hii tulioneshwa na kijana tulipokutana naye. Nilimuuliza kama hakuona ajabu kupata 0.45. Akacheka. "Mwalimu, niliona. Mbarika peke yao wanabaki sabini na tano katika mia. Hata wanambuzi wote wafe, kundi litafikaje arobaini na tano? Mzee wangu angeniuliza hao thelathini wengine nimewauza wapi." Nikamuuliza mbona basi hakuandika hivyo. Akasema alidhani katika karatasi ya aljebra mbuzi hawahesabiwi kuwa hoja.

Ni hoja, tena ya kihesabu kamili. Matriksi isiyo na namba hasi ina thamani aigeni moja halisi ambayo kwa ukubwa haipitwi na nyingine yoyote. Perron alilithibitisha jambo hili mwaka 1907 kwa matriksi za namba chanya tupu na Frobenius akalipanua mwaka 1912. Thamani hiyo haiwezi kuwa ndogo kuliko namba yoyote iliyo kwenye ulalo. Ulalo wetu una 0.75. Anayesema thamani kubwa ni 0.45 amekwisha kujifunga kabla hatujafika kwenye vekta. Na ukitaka kuliona bila Frobenius, chukua ile vekta (1, 1) kama kundi: wanambuzi 100 na mbarika 100. Mwaka ujao ni wanambuzi 45 na mbarika 105. Mbarika wameongezeka, na karatasi ya alama 9 inadai wamebaki 45.

Baada ya kuyaona hayo, tulikuwa karibu kuandika kanuni kali: mlinganyo ukiwa mbaya, vekta zisipewe alama ya A hata moja. Kisha ikaibuka karatasi ya tatu, ikatuzuia.

Mwanafunzi huyu alikuwa na mlinganyo uleule mbaya, λ² − 0.75λ + 0.135 = 0, na thamani zilezile. Vekta yake ya 0.45 ilikuwa (1, −1). Mara ya kwanza ilionekana kama mtu aliyetumia safu ya chini badala ya ya juu. Tulipopanda juu ya ukurasa tukaona kosa lilizaliwa mapema zaidi: alipoinakili matriksi kutoka kwenye karatasi ya swali aliandika −0.45 mahali pa 0.45, na tangu hapo akaitumia hiyo bila kuyumba. Kwa matriksi yake, mlinganyo ule ni sahihi. Kwa λ = 0.45 safu yake ya juu ni −0.45x − 0.45y = 0, na ya chini ni 0.3x + 0.3y = 0. Zote mbili zinasema x = −y. Hazipingani. Vekta yake ipo kweli, ila ni ya matriksi nyingine.

Kwa hiyo mlinganyo mmoja mbaya unaweza kuwa na asili mbili, na haki ya kila mmoja ni tofauti. Aliyenakili vibaya amefanya kazi yote ya sehemu ya pili kwa ukamilifu; desturi ya kumtoza alama moja ya kunakili na kumpa nyinginezo inamfaa. Aliyekosea ndani ya determinanti hana vekta ya kumpa. Huwezi kuwatenganisha kwa kutazama mlinganyo wala thamani, kwa sababu zinafanana herufi kwa herufi. Inakubidi urudi juu uone kosa lilizaliwa wapi, kisha uizidishe vekta aliyoitoa kwa matriksi aliyoitumia yeye. Ikitoka λv, kosa lake lina mtoto halali. Isipotoka, hana.

Mgawanyo tuliopendekeza kwa alama nne za vekta ulikuwa huu. M kwa kila thamani aliyoipandikiza ipasavyo katika (A − λI)v = 0 na kuandika safu zote mbili, hata kama thamani ni mbaya. A kwa kila vekta, lakini kwa sharti moja tu, kwamba Av = λv kwa matriksi anayoifanyia kazi. Na mwanafunzi aliyefika kwenye sifuri tupu akasema waziwazi kwamba jambo hilo linaonyesha thamani yake si thamani aigeni, apewe A moja kati ya hizo mbili, kwa kuwa amesema ukweli unaofuata kutoka kwenye kazi yake. Kwa mgawanyo huo kijana wa Korbesa alitoka 3 akafika 6. Alikuwa amepungukiwa alama mbili za kufaulu somo zima, basi akavuka. Barua ilimfikia akiwa amekwisha kurudi chuoni kufanya mtihani wa marudio. Yule wa 9 hakuwa ameomba chochote, na kanuni za chuo hazikuruhusu kumshusha mtu ambaye hakuomba, kwa hiyo alibaki na 9.

Yapo mambo mawili ambayo msahihishaji atakayeufuata mgawanyo huu atakutana nayo.

La kwanza ni kukadiria desimali. Tuseme swali lingekuwa na 0.8 mahali pa 0.75. Thamani kubwa ingekuwa 0.94314 na kuendelea, na mwanafunzi angeandika 0.94. Akiipandikiza hiyo, safu ya juu inampa y = 2.09x, ya chini inampa y = 2.14x. Hazilingani, na akiwa mkali wa mantiki atasema vekta ni sifuri. Hajakosea mlinganyo, amekata tarakimu tu, kwani hata 0.94 kwa ukali wake si thamani aigeni. Tofauti inaonekana kwa ukubwa wa mgongano. Hapa safu mbili zinatofautiana katika tarakimu ya pili, lakini katika kosa la ishara moja ilisema 1 na nyingine −1. Mtunzi afanye hisani achague namba zinazotoka kamili, au aseme kwenye mwongozo ni tofauti kiasi gani itakayovumiliwa.

La pili ni matriksi za tatu kwa tatu, ambako si kila mlinganyo mbaya huharibu thamani zote. Liongezee kundi letu fungu la mabeberu, ambao 0.6 kati yao hufika mwaka ujao, na ambao katika hesabu hii hawazalishi fungu lolote jingine. Safu wima yao itakuwa 0, 0, 0.6. Ukipanua determinanti kwa safu hiyo, (0.6 − λ) inatoka nje peke yake, na kilichobaki ndani ni ile determinanti yetu ya mbili kwa mbili. Mwanafunzi anaweza kukosea ishara ndani kama walivyokosea wenzake, mlinganyo wake wote ukawa mbaya, na 0.6 ikabaki nzima bila doa. Vekta yake ni (0, 0, 1), kundi la mabeberu watupu ambalo kila mwaka linabaki na sita katika kumi, nayo inakubali Av = λv pasi na shaka. Mpe M na A zake zote kwa hiyo, halafu zile thamani mbili nyingine uzipime moja moja.